Paa la makuti, mtungi na tanga: kusoma piramidi ya watu kabla ya kuagiza dawa

Siku moja nilishuka botini katika kijiji kimoja cha visiwa vya Lamu, nikamkuta Sista wa zahanati amepanga maboksi mawili juu ya meza kama mzee anayetaka kusuluhisha ugomvi. Boksi la kwanza lilikuwa la ORS na vidonge vya zinki, dawa za watoto wanaohara. Lilikuwa limejaa pomoni, na muda wa dawa ulibakisha wiki sita tu. La pili lilikuwa la amlodipini, dawa ya presha. Hilo lilikuwa tupu tangu tarehe 10 ya mwezi.

"Mbona mwaniletea dawa za watoto kana kwamba hapa ni chekechea?" akaniuliza. "Wagonjwa wangu mimi ni wazee. Watoto wapo, lakini si wengi kama hao wa kwenye karatasi zenu."

Karatasi zetu, nakiri, zilikuwa na nambari moja tu: jumla ya watu wa eneo lake. Tulikuwa tunagawa kwa vichwa. Kijiji chake na kijiji kingine cha upande wa bara vilikuwa na watu karibu sawa, basi vikapata maboksi sawa. Siku ile ndipo nilipokaa chini kuchora kitu ambacho nilikisoma chuoni, nikakifanyia mtihani, nikakisahau: piramidi ya watu.

Kuichora ni rahisi. Unawagawa watu kwa makundi ya miaka mitano mitano, 0 hadi 4, 5 hadi 9, na kuendelea hadi wazee wa 80 na zaidi. Kila kundi unalichorea ufito wa kulala, wanaume upande wa kushoto, wanawake upande wa kulia, watoto chini kabisa na wazee juu. Urefu wa ufito ni idadi ya watu au asilimia yao. Ukitaka kulinganisha vijiji viwili vya ukubwa tofauti, tumia asilimia, maana ukitumia idadi, kijiji kikubwa kitaonekana kinene kila mahali na hutaona umbo lake.

Umbo hilo huchongwa na mambo matatu tu: kuzaliwa, kufa, na kuhama. Nadharia ya mpito wa kidemografia inahusu mawili ya kwanza. Mmarekani Warren Thompson aliieleza kwa mara ya kwanza mwaka 1929, na Frank Notestein akaipanga vizuri zaidi mwaka 1945. Zamani watu walizaa sana na walikufa sana, kwa hiyo idadi yao haikupanda kwa kasi. Kisha vifo vikaanza kupungua, hasa vya watoto, huku watu wakiendelea kuzaa kama walivyozoea. Hapo ndipo idadi hupanda mbio. Baadaye uzazi nao hushuka, mwendo ukapoa, hadi vizazi na vifo vikakaribiana tena, safari hii vyote vikiwa vichache. Jambo kubwa katika maelezo haya ni kwamba vifo hutangulia kushuka na uzazi hufuata nyuma. Muda ulio kati ya hayo mawili ndio uliotujazia madarasa.

Kenya imepita humo mbele ya macho ya watu walio hai leo. Utafiti wa uzazi wa miaka ya 1977 na 1978 ulionyesha kuwa mwanamke Mkenya alikuwa akizaa wastani wa watoto 8.1. Kufikia 2022 wastani huo ulikuwa 3.4. Lakini njia yenyewe haikunyooka. Mwaka 1998 wastani ulikuwa 4.7, na mwaka 2003 ukawa 4.9, yaani kushuka kulisimama kwa miaka kadhaa. Vifo vya watoto pia vilirudi kupanda miaka ya 1990, wakati Ukimwi ulipotupiga. Mambo haya hayafutiki kwenye piramidi. Mtoto aliyezaliwa mwaka 2000 leo yuko kwenye ufito wa miaka ya ishirini na kitu, na kama ni msichana, ndiye anayekuja kliniki ya wajawazito.

Hapo pana jambo linalowachanganya hata watu wa kazi yetu. Uzazi umeshuka zaidi ya nusu, mbona wodi za kujifungulia hazijapungua watu? Hebu tufanye hesabu ya mfano. Chukua nyanya 100 wa zama zile, kila mmoja akazaa watoto 8. Hao ni watoto 800, na wasichana ni kama 400. Tuseme mmoja kati ya wanne hakufika utu uzima. Wamebaki wanawake 300. Hawa wameamua kuzaa watatu watatu. Watatu mara 300 ni 900. Kila mama amezaa chini ya nusu ya alivyozaa mama yake, na bado wakunga wamepokea watoto 100 zaidi. Wataalamu wanauita huu mwendo wa ndani wa idadi ya watu. Mimi huufananisha na jahazi: unashusha tanga, lakini chombo kinaendelea kuteleza mpaka gati.

Sasa turudi kwenye maboksi ya Sista. Niliporudi ofisini nilichora maumbo mawili, na kwa kuwa sina mkono wa kuchora niliyapa majina ya vitu tunavyoviona kila siku. La kwanza ni paa la makuti: chini pana, linapanda likichongoka hadi juu. Hicho ni kijiji kinachozaa sana, na kila kizazi kipya ni kikubwa kuliko kilichotangulia. La pili ni mtungi: kitako chembamba, tumbo katikati, na shingo ya juu nene kuliko ile ya paa. Hapo wanazaliwa wachache kuliko zamani, na wazee ni wengi.

Tuvipe vyote viwili watu 10,000, na nambari nitakazotumia ni za mfano ili mtu aweze kuzifuata kwa kalamu. Kijiji cha makuti kina vizazi 40 kwa kila watu 1,000 kwa mwaka, yaani watoto 400. Wazee wake wa miaka 60 na zaidi ni asilimia 4, yaani watu 400. Kijiji cha mtungi kina vizazi 22 kwa kila 1,000, yaani watoto 220, na wazee ni asilimia 9, yaani 900.

Anza na kina mama. Shirika la Afya Duniani tangu 2016 linapendekeza mjamzito aonwe mara nane. Wakija wote mara zote, kijiji cha makuti kina mahudhurio 3,200 kwa mwaka, na kwa siku 250 za kazi ni kama mama 13 kila siku. Kijiji cha mtungi ni mahudhurio 1,760, kama mama 7 kwa siku. Kwa makadirio yanayotumika sana katika kupanga huduma, asilimia 15 hivi ya wajawazito hupata matatizo yanayohitaji huduma ya dharura. Hao ni 60 kwa mwaka upande mmoja, na 33 upande mwingine. Kwa zahanati ya kisiwani, hiyo 60 si nambari tu. Ni boti yenye mafuta na nahodha aliye tayari zaidi ya mara moja kila wiki, na maji kupwa hayamsubiri mama anayevuja damu.

Ukiishia hapo utasema kijiji cha mtungi kina kazi kidogo, kipewe muuguzi mmoja. Ngoja kwanza. Tuseme nusu ya wazee wana presha, na kila mmoja anakuja mara moja kwa mwezi kupimwa na kuchukua dawa. Kijiji cha makuti kina wagonjwa 200, mahudhurio 2,400 kwa mwaka, kama watu 10 kwa siku. Kijiji cha mtungi kina wagonjwa 450, mahudhurio 5,400, kama watu 22 kwa siku. Jumlisha na kina mama: makuti 23 kwa siku, mtungi 29. Kijiji chenye watoto wachache ndicho chenye foleni ndefu zaidi, na bado sijaweka sukari, magoti wala macho.

Sababu ni kwamba magonjwa haya hayana tabia ya uzazi. Mama mjamzito huja, akajifungua, akamaliza chanjo za mwanawe, akaenda zake. Mgonjwa wa presha huja akabaki. Ukimtibu vizuri, ataishi miaka 20 akija kila mwezi, na mwakani wataongezeka wapya juu yake. Kwa hiyo dawa za wazazi na watoto unaziagiza kwa kuhesabu wanaoingia mwaka huu, lakini dawa za presha unaziagiza kwa kuhesabu wote walioko. Sisi tulikuwa tukiangalia amlodipini iliyotumika mwezi uliopita, tukaagiza kiasi hicho hicho. Iliyotumika ilikuwa ndogo kwa sababu iliisha tarehe 10. Tukawa tunaagiza upungufu wetu wenyewe, mwezi baada ya mwezi.

Kitako chembamba cha mtungi kina mtego mwingine ambao hauonekani kwenye mchoro mpaka ufungue jokofu la chanjo. Chanjo ya surua na rubela tunayotumia huja katika kichupa cha dozi 10. Ni ya unga, unaichanganya na maji yake, na ukishachanganya una saa sita tu, kisha unamwaga iliyobaki. Mtoto hupata dozi mbili, ya miezi 9 na ya miezi 18. Kijiji cha makuti, ukiondoa wachache wanaofariki kabla ya mwaka, kina dozi kama 15 kila wiki. Cha mtungi kina dozi 8. Sista akifungua kichupa kila siku kwa ajili ya mtoto mmoja au wawili wanaotokea, anamwaga dozi nane katika kila kumi. Akikataa kufungua mpaka watoto watimie, mama aliyetembea na jua la saa sita anarudi bila chanjo, na pengine hatakuja tena. Maagizo ya kazi yanasema fungua, hata kwa mtoto mmoja. Njia ya katikati ni kuwa na siku moja ya surua kwa wiki inayojulikana kijiji kizima, na bado kumfungulia yule atakayetoka mbali siku nyingine. Maana yake kijiji chenye watoto wachache kinahitaji chanjo nyingi zaidi kwa kila mtoto. Ukigawa kwa idadi ya watoto pekee, chanjo itaisha mapema huko.

Kuna tahadhari kuhusu mtungi wenyewe. Umbo hilo linaweza kutokea kwa njia mbili tofauti kabisa. Pengine wanawake wameamua kuzaa wachache, na huo ndio mpito tuliousimulia. Au pengine vijana wameondoka kwenda Mombasa, Malindi au mjini Lamu kutafuta kazi, wakaacha wazee. Kwa jicho mchoro ni mmoja, lakini mipango ni miwili. Katika hali ya pili, binti aliyeolewa Malindi bado anarudi kwa mamake kujifungua mimba ya kwanza, kwa hiyo wodi inapata wazazi ambao hawamo kwenye piramidi. Ukiangalia ufito wa wanawake wa miaka 20 hadi 34 ukaona umemeguka, na wanaume wa umri huo pia wamemeguka, shuku kuhama kwanza.

Umbo la tatu ni tanga lililoshika upepo, limevimba upande mmoja. Hili halimo kwenye nadharia ya mpito, lakini Lamu tunalo. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 143,920 katika kaunti: wanaume 76,103, wanawake 67,813 na huntha 4. Hao ni wanaume 112 kwa kila wanawake 100. Uzazi hauwezi kuleta pengo hilo. Kwa kawaida huzaliwa wavulana kama 105 kwa wasichana 100, na wanaume hufa mapema zaidi, kwa hiyo pengo hilo hupungua kadiri umri unavyosonga. Ziada hiyo imetoka nje: watu wa kazi, na mwaka huo bandari ilikuwa ikijengwa.

Watu hawa wanahitaji huduma zao, kama kushonwa majeraha, kupimwa kifua kikuu na virusi vya Ukimwi, na saa za jioni, kwa kuwa mchana wako kazini. Lakini madhara makubwa ninayoyaona mimi yako kwenye hesabu za watoto. Mara nyingi lengo la chanjo hupatikana kwa kuchukua asilimia fulani ya watu wote. Tuseme ni asilimia 4. Eneo lenye watu 10,000 linapewa lengo la watoto 400. Lakini kama eneo hilo ni tanga, na wanawake wa umri wa kuzaa ni nusu ya wale wa kijiji cha makuti, watoto watakaozaliwa ni kama 200 hata wakizaa kwa kiwango kile kile. Muuguzi akichanja 190 amefanya kazi ya asilimia 95, ila ripoti itamwandikia 48. Nimemwona mtu akisemwa mkutanoni kwa nambari kama hiyo, naye hakuwa na la kujibu. Mjini kinyume chake hutokea: zahanati inapokea watoto wa vijiji jirani, na ripoti inasema imechanja asilimia 130, watu wakapiga makofi.

Ukitaka kujua kama tatizo ni muuguzi au ni kigawanyo, yaani lile lengo tunalogawia, tafuta kipimo kisichohitaji idadi ya watu. Chukua waliopata dozi ya kwanza ya penta, chanjo ambayo mtoto hupewa mara tatu, toa waliopata ya tatu, gawa kwa wale wa kwanza. Katika mfano wetu, kama wa kwanza walikuwa 195 na wa tatu 190, waliopotea njiani ni 5, chini ya asilimia 3. Ukizidi asilimia 10 ndipo wasiwasi huanza. Zahanati inayowashika watoto wake hivyo lakini inaonyesha asilimia 48 haina tatizo la uvivu. Lengo ndilo lililokosewa.

Na usichukue piramidi ya kaunti ukamkabidhi Sista wa kisiwani. Kati ya wale 143,920, Lamu Mashariki ilikuwa na watu 22,258 tu na Lamu Magharibi 121,662. Katika kila watu 100 wa mchoro wa kaunti, 85 hivi ni wa Magharibi, penye Mpeketoni na mji wa Lamu. Umbo la Faza, Siyu na Kizingitini limezama humo kama chumvi katika pipa la maji.

Basi tukaamua kuchora la kijiji chenyewe, kwa madaftari ya wahudumu wa afya ya jamii wanaopita nyumba kwa nyumba. Mchoro wa kwanza ulikuwa kama kitana kilichovunjika meno. Mwaka mmoja mmoja, miaka 40, 50, 60 na 70 ilichomoza, 49 na 61 karibu hamna mtu. Bibi mmoja alikuwa na miaka 70 katika daftari la mwaka ule, na 70 tena katika la mwaka uliotangulia. Alipoulizwa akajibu, "Mwanangu, sabini yanitosha." Makundi ya miaka mitano hulainisha sehemu ya ujanja huo, na kwa waliobaki tuliuliza matukio badala ya miaka: ulikuwa umeolewa bendera ya Uhuru ilipopandishwa? Mwanao wa mwisho alikuwa anatembea wakati wa mvua za El Nino za 1997?

Kitu kilichonitia shaka zaidi kilikuwa chini kabisa. Ufito wa watoto wa chini ya mwaka mmoja ulikuwa mfupi sana kuliko ule wa mwaka mmoja hadi miwili, kana kwamba kijiji kimeacha kuzaa ghafla. Nilikuwa karibu kuandika kwamba uzazi umeshuka. Sista akanyoosha mkono akachukua daftari la kujifungua, akaanza kuhesabu mistari kwa kidole. Walikuwa wengi kuliko watoto wa madaftari ya nyumbani. Tukamwita mhudumu wa mtaa wa kwanza. Akatueleza kwamba akiuliza "mna watoto wangapi humu?" watu humtajia wanaokimbia uani. Aliye ndani na mamake, ambaye hajatimiza siku arobaini, hawamtaji, naye hakuwa ameuliza.

Tuliongeza swali hilo moja, kitako kikapanuka kidogo, ingawa mtungi ulibaki mtungi. Oda iliyofuata tulipunguza ORS tukazidisha amlodipini, kwa kuhesabu wagonjwa wote walio kwenye daftari la presha, si vidonge vilivyotoka. Surua ikawa Jumatano.